Doa kwenye ini ambalo hukulitafuta: damu inaingiaje, na ini ni la nani

Alikuja na maumivu ya chembe ya moyo yaliyomsumbua miezi miwili. Mwalimu wa shule ya msingi, miaka 41, mama wa watoto watatu. Kituo cha kwanza alikopimwa walikuwa wakitafuta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mawe hawakuyaona, ila kwenye ini waliona kitu, wakaandika kwenye karatasi kwamba ana uvimbe wa ini na kwamba bado haiwezi kusemwa si saratani. Karatasi hiyo ilikaa kwenye mkoba wake wiki tatu. Ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Ndugu walikuwa wameshaanza kuchangishana, na dada yake alikuwa amemletea dawa ya mizizi ya "kusafisha ini."

"Daktari, niambie ukweli tu," akasema kabla hajapanda kitandani. "Ni kansa?"

Kazi yangu ni kusoma picha, na swali hilo nimelisikia mara nyingi sana. Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "uvimbe" kwa kila kitu: kifuko cha maji kisicho na madhara, jipu, fundo la mishipa ya damu ambalo mtu amezaliwa nalo au amekaa nalo miaka ishirini bila kujua, na saratani pia. Kwa hiyo katika makala hii nitasema "doa," maana ndivyo kitu hicho kinavyoonekana kwenye kioo cha mashine kabla hakijapewa jina. Na madoa haya ni ya kawaida mno. Ukichukua watu wazima wenye afya na kuwapima ini kwa makini, si ajabu kukuta kati ya watu ishirini mmoja ana hemanjioma, yaani lile fundo la mishipa ya damu, na wenye vifuko vya maji huwa wengi zaidi kadiri umri unavyopanda. Yote mawili huonekana zaidi kwa wanawake. Wengi wao watazeeka na kufa kwa sababu nyingine kabisa bila kupata habari ya doa hilo.

Tuanze na lile lililo rahisi kulitambua.

Altrasaundi ni kazi ya mwangwi. Kichwa cha mashine kinapeleka mawimbi ya sauti mwilini, na kila yanapokutana na mpaka kati ya kitu na kitu, sehemu ya sauti inarudi. Mwangwi mwingi unaonekana mweupe, mwangwi mchache kijivu, na pasipo na mwangwi kabisa panaonekana peusi. Maji safi hayana mipaka ndani yake, kwa hiyo kifuko cha maji huonekana cheusi tii. Kuna alama nyingine ambayo mtazamaji asiyezoea huipita: sauti iliyopita kwenye maji haikuchoka njiani. Inafika upande wa pili na nguvu kuliko ile iliyopita kwenye nyama ya ini pembeni, na kwa hiyo nyuma ya kifuko ini linaonekana limeng'aa, kama mtu ameliwekea taa. Jiwe la nyongo hufanya kinyume chake: linazuia sauti na kutupa kivuli cheusi nyuma yake.

Basi kifuko cha kawaida kina sifa tatu: ni cheusi tupu ndani, ukuta wake ni mwembamba kiasi cha kutoonekana, na nyuma yake pameng'aa. Sifa zote tatu zikikamilika, uchunguzi umekwisha pale pale. Hakuna haja ya CT skani, hakuna haja ya kurudi kila miezi sita, hakuna dawa. Kwenye CT skani kifuko hicho kitapimwa kwa kipimo kiitwacho HU, ambapo maji ni 0 na nyama ya ini bila dawa ya kung'arisha picha ni kama 55 hadi 60; kifuko husoma kati ya 0 na 20, na hata dawa ikichomwa kwenye mshipa kinabaki vile vile, kwa sababu damu haifiki ndani yake. Kikiwa kikubwa sana kinaweza kubana tumbo au kumfanya mtu ashibe haraka, na hapo ndipo madaktari wanafikiria kukitibu. Vikiwa vingi, yaani ini zima limejaa, naangalia na figo, maana kuna ugonjwa wa kurithi unaoshika vyote viwili.

Wasiwasi unaanza pale kifuko kinapokosa usafi huo. Ukuta ukiwa mnene, kukiwa na kuta za ndani zinazokigawa, au kinundu cha nyama kinachoota kutoka ukutani, hicho si kifuko cha kawaida tena na kinahitaji picha yenye dawa. Kukiwa na homa na maumivu upande wa kulia, na maji ya ndani yana vumbi-vumbi, nafikiria jipu la ini, mara nyingi la amiba.

Na kwa watu wa kwetu kuna jambo moja ambalo ni lazima daktari aliulize: umeishi wapi, na mbwa wako karibu na mifugo? Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni moja ya sehemu za dunia zilizojulikana kwa wingi wa ugonjwa wa kifuko cha tegu wa mbwa, na kwa Wamasai pia upo. Mbwa anakula matumbo ya mnyama mwenye vifuko, tegu anakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na binadamu anayameza. Kijidudu kinachoanguliwa kutoka kwenye yai kinafika kwenye ini na kuwa kifuko kinachokua polepole kwa miaka. Miaka ya 1980 Amref walikuwa wakiwapima Waturkana kwa altrasaundi za kubebwa hadi vijijini, na kazi ya aina hiyo ilisaidia kujulikana kwamba kifuko hiki kina sura zake. Ukuta wake unaonekana kama ngozi mbili zilizobandikana. Wakati mwingine ndani mna vifuko vidogo vilivyopangana kama masega ya nyuki, au ngozi ya ndani imebanduka na kuelea kwenye maji. Lakini kikiwa kichanga kinaweza kufanana kabisa na kifuko cha kawaida, na ndiyo maana swali la mahali mtu alikoishi lina uzito sawa na picha. Kifuko kama hicho hakichomwi sindano kiholela ili kuangalia maji yake. Maji yakimwagika tumboni yanaweza kumtia mtu kwenye mshtuko wa mzio wa kuua, na pia kupanda vifuko vipya tumboni. Yapo matibabu ya kutumia sindano, lakini yanafanywa na waliofunzwa, mgonjwa akiwa kwenye dawa za minyoo, na tayari kwa dharura.

Doa la mwalimu wetu halikuwa jeusi. Lilikuwa jeupe.

Nilimlaza kwa ubavu wa kushoto, nikamwambia avute pumzi ndefu na kuishikilia. Ini likashuka kutoka chini ya mbavu na doa likajitokeza: upande wa kulia wa ini, mviringo, milimita 21, jeupe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka wake umekatwa kama kwa mkasi. Nyuma yake pameng'aa kidogo. Hapakuwa na duara jeusi lililolizunguka. Nilipowasha Dopla, ambayo inapaka rangi damu inayokwenda, doa halikupata rangi hata kidogo.

Hii ndiyo sura ya hemanjioma. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu hemanjioma imejaa damu, na damu ni kimiminika; ilipaswa kuwa nyeusi. Siri iko kwenye umbo lake. Ni kama sifongo: vyumba vidogo vidogo vya damu vilivyotenganishwa na kuta nyembamba. Kila ukuta unarudisha mwangwi wake, na miangwi hiyo mingi ikikusanyika, doa zima linakuwa jeupe. Na Dopla haioni kitu kwa sababu damu ndani ya vyumba hivyo inatambaa polepole mno, chini ya kasi ambayo mashine inaweza kuikamata. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kuona ripoti inayosema "hakuna mtiririko wa damu, kwa hiyo si hemanjioma." Ni kinyume chake.

Duara jeusi nililolitafuta na kulikosa lina maana yake. Saratani iliyosambaa kutoka sehemu nyingine ya mwili, kama utumbo mpana au titi, mara nyingi hujionyesha kwenye ini kama shabaha ya kulengea: katikati rangi moja, pembeni pete nyeusi. Pete hiyo ikiwepo, hadithi inabadilika hata kama katikati ni peupe.

Je, hapo ningeweza kumwambia kwamba si saratani? Picha peke yake haikutosha. Kulikuwa na maswali matatu ya kuuliza kwanza, na kwa maoni yangu maswali haya yana nguvu kuliko mashine yoyote tuliyo nayo. Umewahi kuambiwa una homa ya ini B au C? Umewahi kuugua saratani yoyote? Unakunywa pombe sana, au umewahi kuambiwa ini lako lina makovu? Alijibu hapana kwa yote. Kipimo cha homa ya ini B kilikuwa hakijawahi kufanyika, kwa hiyo nikaomba afanyiwe, kikatoka hana. Ini lenyewe nililiangalia: uso wake laini, bandama ya ukubwa wa kawaida, tumboni hakuna maji.

Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa ini, EASL, ililiandika wazi kwenye mwongozo wake wa 2016: doa lenye sura kamili ya hemanjioma kwenye altrasaundi, chini ya sentimita 3, kwa mtu ambaye ini lake ni zima na hana historia ya saratani, halihitaji kipimo kingine kulithibitisha. Mwalimu alitimiza kila sharti. Hakuhitaji CT skani ambayo ndugu walikuwa wakiichangia.

Doa lile lile jeupe linaweza kuwa kwa mtu mwingine, na hapo maneno niliyomwambia mwalimu yangekuwa kosa kubwa.

Mwezi ule ule alikuja fundi magari wa miaka 46. Alikwenda kuchangia damu ya shemeji yake aliyekuwa anafanyiwa upasuaji, na damu yake ikakataliwa kwa sababu kipimo cha homa ya ini B kilionyesha anayo. Hakuwa na dalili yoyote. Kliniki wakamtuma kwa altrasaundi, na hapo nikaona doa la milimita 24 upande wa kulia wa ini, jeupe, duara, bila pete. Ungeweka picha zake na za mwalimu mezani bila majina, ningepata taabu kukwambia ipi ni ya nani.

Saratani ya ini ikiwa ndogo inaweza kuwa nyeupe kwenye altrasaundi, hasa ikiwa na mafuta ndani. Na mtu mwenye homa ya ini B ndiye hasa anayeweza kuipata. Afrika kusini mwa Sahara saratani hii huwakamata watu mapema, wengine wakiwa na miaka thelathini na kitu, na wengine ini lao halijafika hata kwenye hatua ya kusinyaa na kujaa makovu. Virusi vingi vinaingia utotoni, na vikikutana na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hatari huzidishwa. Kwa fundi, sheria ya doa jeupe la chini ya sentimita 3 kuwa hemanjioma haikuwa na kazi. Kwake doa lolote la sentimita 1 au zaidi lilihitaji picha yenye dawa.

Hapa inabidi nieleze kitu kuhusu damu ya ini, maana bila hicho CT skani ni picha za kijivu tu.

Ini linapata damu kwa njia mbili. Kiasi cha robo tatu inatoka matumboni kupitia mshipa mkubwa uitwao vena ya lango, ikiwa imebeba chakula kilichosagwa. Robo iliyobaki inatoka moyoni moja kwa moja kwa ateri ya ini. Nyama ya kawaida ya ini inategemea zaidi vena ya lango. Saratani ya ini inajijengea mishipa yake kutoka kwenye ateri. Sasa dawa ya kung'arisha ikichomwa kwenye mshipa wa mkono, inafika moyoni, na kutoka moyoni inatangulia kufika kwenye ini kwa ateri. Ile inayopitia matumboni inachelewa. Kwa hiyo kuna dirisha fupi, kama sekunde 35 baada ya sindano, ambapo kinacholishwa na ateri kinawaka na nyama ya ini bado iko gizani. Sekunde kama 70, damu ya vena ya lango imefika, na ini zima linang'aa. Dakika 3 hadi 5, dawa inaanza kuondoka.

Picha zikipigwa katika nyakati hizo tatu, kila doa linajieleza kwa tabia yake.

Hemanjioma inajaa taratibu. Kwanza pembeni yake yanatokea mabonge ya mwanga yaliyoachana, kama visiwa kando ya ziwa, na mwanga wake ni sawa na ule wa mshipa mkuu wa damu katika picha ile ile. Kisha visiwa vinapanuka kuelekea katikati, na katika picha ya mwisho doa limejaa lote au karibu lote, na bado linang'aa. Ni lile sifongo: damu inaingia kwa ukingo, inatambaa, na haina haraka ya kutoka. Kuachana kwa mabonge hayo ni jambo la kulitazama kwa makini. Pete ya mwanga inayozunguka doa lote bila kukatika ni ya saratani iliyosambaa au jipu, na haipaswi kuitwa hemanjioma.

Saratani ya ini hufanya kinyume. Inawaka mapema, yote kwa pamoja, wakati ini limetulia. Kisha ini linapong'aa, yenyewe inazimika na kuwa nyeusi kuliko jirani zake, kwa sababu dawa iliyoingia haraka imetoka haraka na vena ya lango haiilishi. Wakati mwingine katika picha za mwisho unaona na ngozi nyembamba inayong'aa kuizunguka.

Doa la fundi liliwaka kwenye picha ya sekunde 35. Kwenye picha ya pili lilikuwa limeshapoa. Dakika ya tatu lilikuwa jeusi, limezungukwa na uzi wa mwanga. Nilikaa na picha zile muda mrefu, nikizipeleka mbele na nyuma, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila kwa sababu nilijua maana ya nitakachoandika. Kwa mtu mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, tabia hiyo inatosha kuitwa saratani ya ini bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha doa, kwa sindano ili kipimwe. Mfumo wa LI-RADS wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani umejengwa juu ya msingi huo, na unasema wazi kwamba unatumika tu kwa watu wenye hatari hiyo: walio na ini lenye makovu, homa ya ini B ya kudumu, au waliowahi kuwa na saratani ya ini. Picha zile zile kwa mtu mwenye ini zima zisingeruhusu hitimisho hilo, maana yapo madoa mengine yanayowaka mapema: uvimbe wa kovu la katikati unaowapata zaidi wanawake na hauna madhara, na adenoma, inayohusishwa na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni na ambayo ikizidi sentimita 5 inaweza kupasuka na kutoa damu. Haya mawili yanahitaji MRI kutenganishwa.

Saratani ya fundi ilikuwa moja, ndogo, na ini lililobaki lilikuwa na nguvu. Alipelekwa kwa wapasuaji wa ini akiwa bado anaweza kukatwa sehemu hiyo. Kama angesubiri dalili, picha ingekuwa tofauti kabisa. Kipimo cha damu cha AFP, ambacho wengi wanakiamini, kilitoka cha kawaida kwake. Saratani ndogo mara nyingi haikipandishi. Mke wake na watoto walipimwa homa ya ini B, na ambao hawakuwa nayo wakaanza chanjo.

Sasa niseme mahali ambapo mambo huharibika, maana nimeona watu wakiteseka kwa makosa haya.

La kwanza ni CT skani ya wakati mmoja. Mtu anapigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine, tuseme ajali au maumivu ya kidole tumbo, na mashine inapiga mara moja tu, kwenye ile sekunde ya 70. Doa linaonekana jeusi kidogo, na ripoti inasema halieleweki. Ni kweli halieleweki, kwa sababu tabia haiwezi kusomwa kwenye picha moja, kama usivyoweza kujua mtu anakwenda au anarudi kwa kumpiga picha akiwa mlangoni. Ukirudishwa kwa CT skani ya ini, uliza kama itapigwa kwa awamu zote. Ikipigwa tena ya awamu moja, umelipia mionzi na dawa bure. Na kabla ya dawa hiyo, mwambie daktari kama una shida ya figo au umewahi kupata mzio.

La pili ni ini lenye mafuta. Kwa watu wengi wa mijini siku hizi, ini zima ni jeupe kwenye altrasaundi kwa sababu ya mafuta. Hemanjioma ikikaa kwenye ini la namna hiyo inaonekana nyeusi, kwa sababu jirani zake wameizidi weupe. Msomaji asiyekumbuka hilo anaogopa. Kuna na hili: kwenye ini lenye mafuta, kipande kilichobaki bila mafuta, mara nyingi kando ya mfuko wa nyongo, kinaonekana kama doa jeusi wakati ndiyo sehemu iliyo nzima kuliko zote.

La tatu ni udogo. Doa chini ya sentimita 1 mara nyingi halitoi alama za kutosha kwa kipimo chochote. Kwa mtu asiye na hatari, linachukuliwa kuwa halina madhara na linaachwa. Kwa mwenye homa ya ini B au ini lenye makovu, altrasaundi inarudiwa baada ya miezi 3 hadi 6 kuona kama linakua. Hemanjioma ndogo nayo ina hila yake: inaweza kujaa yote mara moja kwenye picha ya kwanza kama saratani, lakini itajiumbua kwenye picha za mwisho kwa kubaki inang'aa pamoja na mishipa ya damu. MRI husaidia sana hapa, kwani kwenye picha za aina ya T2 hemanjioma huwaka kama balbu, karibu na weupe wa maji, ilhali saratani huwa na weupe wa kadiri tu.

La nne ni sindano. Wapo wanaodhani kuchukua kinyama ndiyo njia ya uhakika kwa kila doa. Kuchoma hemanjioma ni kuchoma sifongo la damu, na kuchoma saratani inayoweza kukatwa kunaweza kuacha mbegu zake kwenye njia ya sindano. Kinyama kina mahali pake, pale picha zote zimeshindwa kukubaliana, lakini hakianzi.

Mwalimu alikuwa na maswali mengi ya kuishi na doa lake, na majibu yake ni mafupi. Hemanjioma haigeuki kuwa saratani. Vidonge vya uzazi wa mpango havijakatazwa, na ujauzito pia. Hakuna chakula cha kuacha kwa ajili yake, na dawa ya mizizi haiyeyushi fundo la mishipa. Nilimsihi aiache, kwa kuwa zipo dawa za mitishamba zinazolichosha ini lililo zima. Yale makubwa sana, zaidi ya sentimita 10, ndiyo yanayofuatiliwa na wataalamu kwa sababu yanaweza kuleta maumivu au, kwa nadra, kuharibu mgando wa damu. Doa la sentimita 2 haliumi. Maumivu ya chembe ya moyo yalikuwa na sababu yake: alipimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, akakutwa nao, akatibiwa, na maumivu yakaisha.

Mwongozo haukunidai nimwite tena, lakini niliona hofu yake, nikamwambia arudi baada ya miezi sita tutazame pamoja. Alirudi. Nikapima: milimita 22. Macho yake yalikuwa kwenye kioo na aliiona namba kabla yangu.

"Imekua, daktari. Si ilikuwa 21?"

Nikafuta alama, nikamwomba avute pumzi tena, nikapima upya: 20. Mara ya tatu: 21. Nikamwonyesha kwamba ni mkono wangu na pumzi yake vinavyohama, kwamba ukiweka alama unene wa uzi mmoja nje ya ukingo umeshaongeza milimita nzima, na kwamba ukuaji unaohesabika ni ule unaozidi kosa la mkono. Kisha nikaandika ripoti kwa maneno niliyotamani angepewa siku ya kwanza: hemanjioma ya milimita 21, ini lenye afya, haihitaji ufuatiliaji. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza kama neno la mwisho ni "ufuatiliaji" au "upasuaji," maana mwandiko wangu si mzuri. Nikampelekea kwa chapa.